Uzi: Nilimpima marehemu shosho kwa vigezo tisa vya "ufundamentalisti". Alipata sita na nusu, na sijui kosa ni la nani

Kalamu ya Githurai (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu, kwa hivyo kama uko kwenye matatu na chaji imebaki kidogo, rudi baadaye.

Naandika insha ya uzamili kuhusu neno "ufundamentalisti" kama chombo cha uchambuzi. Sitetei wafundamentalisti wala siwashambulii. Nauliza kama neno lenyewe linapima kitu, au ni tusi lililovishwa suti.

Kwanza asili yake, maana wengi hapa mtafikiri limeanzia Irani. Kati ya 1910 na 1915, tajiri mmoja wa mafuta wa California, Lyman Stewart, pamoja na nduguye, waligharamia vijitabu 12 vyenye jina ambalo kwa Kiswahili ni "Misingi". Nakala zipatazo milioni tatu ziligawiwa bure kwa wachungaji, wamisionari na walimu wa Jumapili. Adui yao hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mprotestanti mwenzao aliyesoma Biblia kwa mbinu za wanazuoni wa Ujerumani na kuanza kushuku miujiza. Mwaka 1920 mhariri Mbaptisti, Curtis Lee Laws, akawabatiza watu walio tayari kuipigania misingi hiyo "wafundamentalisti". Lilikuwa jina la kujisifia, kama vile mtu anavyojiita mzalendo.

Miaka mitano baadaye likageuka. Mnamo Julai 1925, mjini Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Alipatikana na hatia na kutozwa dola 100, lakini magazeti ya mjini ndiyo yaliyoshinda. Kuanzia hapo mfundamentalisti akawa mshamba asiyejua dunia imefika wapi. Mwanaanthropolojia Susan Harding aliandika 1991 kwamba picha hiyo haikuokotwa njiani. Watu waliojiona wa kisasa waliichora kwa sababu walihitaji mtu wa kusimama upande wa pili ili usasa wao uonekane.

Sasa ruka hadi 1979. Irani imepinduliwa, Msikiti Mkuu wa Makka umetekwa na watu wenye silaha mwezi wa Novemba, na kule Marekani wahubiri wameanzisha chama cha kupigia debe maadili yao. Wasomi wakajiuliza, mbona kote kwa mpigo? Swali zuri kabisa, na ndilo lililozaa mradi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Martin Marty na Scott Appleby: vitabu vitano vinene kati ya 1991 na 1995, vyenye Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu, Masingasinga na Wabudha. Kitabu cha mwisho kina orodha ya vigezo tisa.

Hapo ndipo nilipofanya utundu. Nilichukua daftari, nikachora mistari tisa, nikampima shosho.

Shosho aliokoka Murang'a mwaka 1948, wakati ule moto wa uamsho uliowashwa Gahini, Rwanda, ulikuwa umeshafika kwetu. Tuliomjua tunakumbuka matundu ya masikio yake, makubwa kiasi cha kupitisha kidole. Alivua hang'i siku aliyookoka, akazitupa chooni, na hakuvaa tena kito chochote hadi tunamzika.

Kigezo cha kwanza: je, anapambana na hali ya dini kusukumwa pembeni na jamii? Niliandika hapana. Dini haikusukumwa pembeni Murang'a. Kama kuna kitu kilichomkera ni Wakristo wenzake waliokunywa muratina Jumamosi na kupanga foleni ya meza ya Bwana kesho yake.

Kigezo cha pili, kuchagua: anakumbatia baadhi ya mambo ya kisasa na kukataa mengine, anakuza fundisho moja la mapokeo na kunyamazia lingine. Ndiyo. Alipenda hospitali, cherehani na redio, akachukia pombe, ugoro na ngoma. Cha tatu, ulimwengu umegawanyika nuru na giza. Ndiyo, na alikuonyesha mpaka unapita wapi pale kijijini. Cha nne, Maandiko hayakosei. Ndiyo. Cha tano, Mwokozi anarudi na historia inakwisha. Ndiyo. Cha sita, sisi ni wateule. Ndiyo.

Cha saba, mipaka mikali na watu wa nje. Niliandika nusu. Ushirika wa Alhamisi ulikuwa wa waliookoka, lakini hawakuhama kanisa, na babu yangu mlevi alipikiwa uji miaka arobaini. Cha nane, kiongozi mmoja asiyepingwa. Hapana kubwa. Katika ushirika wao mama asiyejua kusoma alisimama na kumkemea mchungaji mbele ya watu. Cha tisa, masharti ya mwenendo. Ndiyo, waulizeni wajukuu.

Sita na nusu kati ya tisa. Na huyu ndiye mwanamke aliyekataa kiapo wakati wa Hali ya Hatari, akisema ameshakunywa damu ya Yesu na hawezi kunywa ya mbuzi, kisha akakataa pia mume wake kushika bunduki ya homgadi. Pande zote mbili zilimtisha.

Halafu kwa uchokozi nikapima kikundi chetu cha siasa za kushoto pale chuoni, mwaka wa pili. Tulikuwa na vitabu visivyokosea, wateule, wasaliti, mapinduzi yanayokuja, kiongozi mmoja asiyepingwa, na marufuku ya kunywa soda za kampuni za kigeni. Nane kati ya tisa! Lakini kwa kanuni za orodha tunapata sifuri, kwa sababu kigezo cha kwanza ndicho kifungua mlango, na kinataka dini.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kile kigezo cha kwanza hakipimi anayepimwa peke yake. Kinaweka mahali aliposimama mpimaji kuwa sifuri ya mizani: kwamba hali ya kawaida ya dunia ni dini kujipunguza, na asiyekubali ndiye anayehitaji kuelezwa. Peter Berger alilichekea hilo mwaka 1999. Alisema kigumu kuelewa si mashehe wa Irani, ni maprofesa wa Marekani. Hapa Nairobi, ambako mkutano wa kupanga bei ya maji ya mtaa hufunguliwa kwa maombi, sifuri hiyo iko wapi?

Nirarueni.

---

Kamanda wa Rongai

Umezunguka sana buda. Neno hili lilitengenezwa na vyombo vya habari vya magharibi ili kuwapaka tope Waislamu. Kwisha. Kila anayelitumia anatumika.

---

Kalamu ya Githurai

Kamanda, aya ya tatu. Lilianza kama jina la kujisifia la Wabaptisti, miaka karibu sitini kabla ya Irani. Lakini uko nusu sahihi: baada ya 1979 matumizi yalihama hivyo unavyosema.

---

Bin Majengo

Assalaam alaykum na habari za usiku kwa wote. Mimi ni mzaliwa wa Pumwani Majengo, nimesomesha madrasa miaka mingi, na mwanangu ndiye aliyenitumia uzi huu. Ndugu Kalamu, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako.

Niruhusu nikishike kigezo chako cha nne, maana umekipita mbio. Mwaka 1910 Wapresbiteri wa Marekani waliweka mambo matano ambayo kijana anayetaka uchungaji sharti ayakiri, na la kwanza lilikuwa kutokosea kwa Maandiko. Kwa nini waliyaandika? Kwa sababu kulikuwa na wachungaji wasioyakiri. Kwa hiyo kule, ukimwuliza mtu "je, kitabu chako kina makosa?" na akajibu hakina, umejua yuko kambi gani. Swali linachuja.

Sasa njoo Majengo na swali hilo hilo. Muulize imamu. Muulize kijana wa mogoka pale kona. Muulize yule ambaye msikitini tunamwona Idi hadi Idi. Wote watakuambia Kurani haina kosa. Umechuja nini? Hujachuja kitu, umewahesabu Waislamu tu. Nao mradi wako wa Chicago, kabla haujaanza kupima chochote, umeshatugawia wote alama moja ya bure.

Na ukienda kwa Mhindu wa Parklands, kitabu kipi? Vitabu vyao ni msitu. Kwake kigezo hicho hakishiki hata akiwa mkali namna gani. Tambara lilikatwa kwa kiwiliwili cha Mprotestanti, akivaa mwingine ama linambana ama linamburuta.

Kisha kuna kichekesho cha lugha. Waarabu walipotaka kulitafsiri neno hili walichukua "usul", yaani misingi, wakafanya "usuliyya". Sisi Waswahili neno usuli tunalo, tukimaanisha chimbuko, na mtu akikwambia ana usuli amekusifia. Katika elimu yetu, mtu wa usul ni mwanachuoni anayechunguza sheria hutolewaje kwenye matini. Na kwa ndugu zetu Mashia ni zaidi: karne ya kumi na nane, Karbala, kulikuwa na mvutano wa Akhbari na Usuli. Akhbari ndio walioshikilia kwamba riwaya za maimamu zatosha. Usuli ndio waliosema mwanachuoni atumie akili kutoa hukumu mpya. Usuli wakashinda, na Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Irani, ametoka katika shule yao. Kwa hiyo mtu aliyeitwa mfundamentalisti mkuu wa dunia alikuwa mrithi wa watu wa usul waliopinga kushika matini tupu. Tafsiri imemwita kwa jina sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

---

Msoma Habari wa Usiku

Ustadhi, shikamoo. Nafanya kazi chumba cha habari cha redio, sitaitaja. Nataka kusema Kiswahili chetu kinafanya nini na neno hili, maana mimi ni mmoja wa wakosaji.

Habari inakuja kwa Kiingereza, nina dakika tano kabla ya saa. Neno lile likiwa limeandikwa mbele ya Mwislamu, vidole vyenyewe vinaandika "wenye siasa kali". Hatukukubaliana popote, tulirithi. Likiwa mbele ya Mkristo, hasa baada ya vifo vya msitu wa Shakahola, vidole vinaandika "mhubiri tata" au "dhehebu lenye utata". Likiwa mbele ya Mhindu tunaandika "wazalendo wa Kihindu". Neno moja, tafsiri tatu, na kila moja imeshahukumu: wa kwanza ni hatari kwa serikali, wa pili ana kasoro kichwani, wa tatu anapenda nchi yake kupita kiasi.

Siku moja nilijaribu kubadilisha. Niliandika "mhubiri mwenye siasa kali". Mhariri akaniuliza anagombea kiti gani.

---

Kamanda wa Rongai

😂😂 anagombea kiti gani! Ila mnaona sasa, nilisema.

---

Bin Majengo

Marahaba mwanangu. Hilo la "siasa kali" limenigusa kwa sababu ya mpwa wangu. Alijiunga na watu wa Tabligh, ile harakati iliyoanzishwa India miaka ya 1920 na Maulana Muhammad Ilyas. Ndevu, suruali juu ya kifundo, siku tatu kila mwezi anatoka na godoro lake kwenda kukaa misikiti ya mbali. Televisheni aliacha. Kwa orodha yako Kalamu, atapata kama bibi yako au kumzidi. Lakini moja ya adabu kuu za Tabligh ni kutozungumzia siasa safarini. Huruhusiwi. Basi akaenda kuomba kazi ya udereva, yule wa kumhoji akamwangalia suruali na kumuuliza kama ana "siasa kali". Mtoto amekatazwa hata kutaja jina la diwani!

---

Mama Shiru wa Umoja

Samahani wanangu nyinyi mmesoma sana. Mimi nataka kuuliza, huu ufundamentalisti mtu akishaingia anatolewaje? Ndugu yangu wa kufuatana ameuza ploti yetu ya Kamulu akapeleka pesa kanisani kwao, sasa hataki kuja hata matanga ya ndugu. Anasema sisi ni wa dunia. Watoto bado wako shule lakini mke ananiambia kuna maneno yameanza.

---

Kalamu ya Githurai

Mama Shiru pole sana. Uzi huu unahusu neno zaidi kuliko matibabu, sina ujuzi huo.

---

Wakili Bubu

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, Kalamu. Mama ameleta jambo halisi na wewe unamwambia uzi unahusu neno.

Aprili 2023 walianza kufukua miili Shakahola. Zaidi ya 400, wengi watoto. Wasomi wakiwa wameamua kwamba kila neno lina upendeleo, serikali itaona nini? Pima ule msitu kwa orodha yako: dunia inakwisha, wateule, kiongozi mmoja, mpaka wa msituni kabisa, hakuna shule, hakuna hospitali, kitambulisho cha serikali ni alama ya mnyama. Tisa kwa tisa. Orodha imefanya kazi. Chombo kikifanya kazi huulizi kilitengenezwa kwa mkono wa nani.

---

Kalamu ya Githurai

Wakili, haki yako, na Mama Shiru naomba msamaha. Lakini fuata hesabu yako mwenyewe hadi mwisho.

Msitu ulipata tisa. Shosho sita na nusu. Mpwa wa Ustadhi tuseme saba. Akorino nao, wale wa kilemba cheupe tunaopishana nao kila siku: wanavaa tofauti, wengine wao hawatumii dawa za hospitali, wana manabii na wateule. Wape saba na nusu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwaona wale wa msitu wa Ndarugu kuwa hatari kwa usalama, polisi wakaua watatu. Sasa niambie, kwenye mizani hii kifo kinaanzia alama ngapi? Hakuna mahali. Hakuna hata kigezo kimoja kati ya tisa kinachouliza kuhusu vurugu, na waandishi hawakudai kwamba kipo. Sisi wasomaji ndio tunaokiongeza kimyakimya.

Na lililoonekana mapema kuhusu Shakahola halikuwa itikadi. Yule mhubiri alishafikishwa mahakamani tangu 2017, na jambo mojawapo lilikuwa watoto kuondolewa shule. Kesi za vifo bado zinaendelea na amekana mashtaka, sitazungumzia hilo. Ninachosema ni kwamba mtoto hayuko darasani ni kitu unachoweza kukihesabu saa mbili asubuhi, na sheria yake ipo. Haikuhitaji neno kubwa.

---

Wakili Bubu

Hapo sipingi. Lakini ukiondoa neno kubwa, nani atauliza kwa nini watoto wale na wale wa nchi nyingine wanatolewa shule kwa sababu zinazofanana? Ulisema mwenyewe swali la 1979 lilikuwa zuri.

---

Kalamu ya Githurai

Lilikuwa zuri, na ndiyo maana sijalitupa neno. Kigezo cha pili, cha kuchagua, kwangu ndicho dhahabu. Kabla yake watu walidhani mfundamentalisti ni mtu wa kale aliyechelewa kufa. Mradi ule ulionyesha kwamba sivyo: anachagua. Kaseti za hotuba za Khomeini zilisambaa Irani akiwa bado uhamishoni, wahubiri wa Marekani wakajenga vituo vya televisheni. Mtu wa mapokeo anashika yote aliyoachiwa, pamoja na yasiyopatana. Huyu mwingine anachambua na kusema haya ndiyo yenyewe. Shosho alifanya hivyo. Mama yake, aliyeenda kanisani na bado akamwaga pombe chini kwa ajili ya wazee, hakufanya. Bila neno hili nisingeona tofauti ya mama na binti.

---

Mwalimu Mstaafu Dagoretti

Nimesoma kimya tangu juzi. Nilifundisha historia ya kanisa kwa miaka 31. Kalamu, insha yako ni nzuri na ina shimo katikati. Shimo ni kigezo cha kwanza cha shosho wako. Umeandika hapana haraka mno.

Uamsho wa Gahini ulilelewa na Misheni ya Ruanda. Jiulize misheni hiyo ilizaliwa lini na kwa nini. Mwaka 1922 shirika kubwa la misheni la Kianglikana lilipasuka huko Uingereza. Waliotoka walidai wenzao wamelegea juu ya mamlaka ya Biblia. Waanzilishi wa Misheni ya Ruanda walibaki ndani, lakini kwa sharti la kuhakikishiwa kwamba kazi yao itashika Biblia nzima kuwa neno la Mungu. Miaka ya ishirini hiyo hiyo ya Dayton. Ugomvi ule ule, upande wa pili wa bahari.

Sasa njoo karibu na kwetu. Mwaka 1941, chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, kilifukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kati yao. Vitabu vingi vinasema walifukuzwa kwa kuamka alfajiri kusali na kuhubiri kinyume cha amri ya mkuu. Ni kweli. Lakini moja ya malalamiko yao ilikuwa mafundisho ya kisasa pale chuoni, yaliyopunguza, kwa maoni yao, dhambi na msalaba. Nagenda huyo baadaye alizunguka Afrika Mashariki yote akihubiri, na ushirika wa akina shosho wako uliimba "Tukutendereza" kwa Kiganda bila kujua Kiganda.

Kwa hiyo huwezi kusema lile lilikuwa jambo la Wamarekani na Murang'a haikuhusika. Mkondo ule ulifika mlangoni pa shosho. Swali ni kama yeye aliujua.

---

Kalamu ya Githurai

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Hilo la Mukono nilikuwa nalijua kama hadithi ya kuamka alfajiri tu.

Lakini naona ugumu. Nagenda alisoma chuoni, alijua kuna mafundisho ya namna hiyo. Shosho hakuwahi kukutana na mtu anayeshuku miujiza. Tunampima yeye, au tunapima mkondo uliomfikia? Kama ni mkondo, basi hata mimi ninayeimba wimbo huo harusini nahesabiwa.

---

Mwalimu Mstaafu Dagoretti

Orodha ile ilitengenezwa kupima harakati, si mtu. Hilo ndilo kosa la utundu wako, ingawa ni utundu wenye faida. Kipime kwanza kile kilichosimama: ushirika wenyewe, viongozi wake, kumbukumbu za mikutano. Halafu uulize shosho alichukua kipi.

---

Bin Majengo

Mwalimu, na mimi nakuuliza kwa heshima. Kama inapima harakati, mbona wanaoshikwa suruali ni watu?

---

Mwalimu Mstaafu Dagoretti

Ustadhi, kwa hilo sina jibu. Wasomi waliandika kwa ajili ya harakati, halafu watu wa semina wakachukua vigezo vya mwenendo peke yake, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kwa macho, wakaacha vingine. Niliwahi kupewa karatasi ya namna hiyo kwenye mafunzo ya walimu: mwanafunzi ameacha muziki, amebadilisha mavazi, amejitenga na marafiki. Nikahesabu darasani kwangu. Walikuwa Wasabato wawili, Mkorino mmoja, na msichana aliyeachwa na mpenzi.

---

Kamanda wa Rongai

Huyo wa mwisho ndiye hatari zaidi 😂

---

Mama Shiru wa Umoja

Wanangu nimewasoma wote ingawa sijaelewa yote. Mwalimu, ndugu yangu anavaa kawaida na muziki wa kanisa anasikiliza. Kwa hiyo kwa hiyo karatasi yako yeye ni mzima?

---

Wakili Bubu

Mama, achana na karatasi na achana na orodha. Mambo mawili. Ploti ilikuwa kwa jina la nani? Kama hati ilikuwa ya marehemu mzazi na mirathi haijafanywa, hakuwa na uwezo wa kuuza peke yake, na hapo unaweza kuweka zuio. La pili, watoto. Siku wakikosa shule, nenda kwa chifu na afisa wa watoto, usiseme lolote kuhusu dini yake. Sema watoto hawako shule tangu tarehe fulani. Nitumie ujumbe faraghani nikuambie ofisi ipi.

---

Mama Shiru wa Umoja

Ilikuwa ya baba. Hatujaenda mirathi. Nakutumia sasa hivi.

---

Msoma Habari wa Usiku

Kalamu, kwa hivyo mimi kesho saa kumi na mbili niandike nini? Nina habari ya kikundi cha walowezi wa Kiyahudi, na neno liko kwenye sentensi ya kwanza.

---

Kalamu ya Githurai

Waandike walichofanya. Walijenga, walifukuza, walisali, chochote walichofanya, na jina wanalojiita wenyewe.

---

Msoma Habari wa Usiku

Hilo ni maneno kumi na moja. Nina nafasi ya matatu.

---

Kalamu ya Githurai

Basi sijui.

Mwalimu, shangazi anazo daftari za ushirika za shosho, ziko kwenye sanduku la bati pale Kangema. Alikuwa akiandika nani alisimama kuhubiri na alisema nini. Nitapanda Jumamosi. Kama kuna mhubiri aliyewaonya kuhusu walimu wanaoshuku Biblia, nitabadilisha ile hapana iwe nusu, na shosho atafika saba.

---

Bin Majengo

Ukifika, angalia pia kama wameandika majina ya waliokemewa. Nataka kujua yule mchungaji alifanya nini.